Vidonge vya Chuma vya Pemba: Matokeo Yake Yanamhusu Nani?

Tarehe 19 Agosti 2003, kisiwani Pemba, kazi ya kugawa vidonge vya madini chuma kwa watoto wadogo ilisimamishwa. Uamuzi huo ulitokana na ushauri wa kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama wa watoto waliokuwemo katika utafiti mkubwa uliokuwa ukiendelea huko. Vidonge havikuwa vibovu wala havikuwa vya ajabu. Kila kimoja kilikuwa na miligramu 12.5 za chuma na mikrogramu 50 za asidi ya foliki, na mtoto aliyekuwa chini ya mwaka mmoja alipewa nusu yake. Hiyo ndiyo dozi iliyokuwa ikipendekezwa kimataifa kwa watoto wadogo wa nchi ambazo upungufu wa damu umeenea.

Hapo kuna jambo la kutafakari. Dawa iliyopendekezwa kwa nia njema ilifikishwa mahali ambapo watoto walikuwa na upungufu wa damu hasa, ikagawiwa kwa uangalifu, na bado watoto waliopewa wakaonekana kuumia zaidi kuliko wale waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake.

Utafiti huo ulianza Januari 2002. Zaidi ya watoto 24,000, wenye umri kati ya mwezi mmoja na miezi 35, walipangwa katika makundi kwa kura. Wapo waliopata chuma na foliki, wapo waliopata hivyo viwili pamoja na zinki, na wapo waliopata kidonge bandia. Si mama wala mhudumu aliyejua mtoto yuko kundi gani. Hesabu zilipofanywa, watoto waliopata chuma walikuwa na uwezekano wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa uliozidi wa wenzao kwa asilimia 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, na kiongozi wa utafiti alikuwa Sunil Sazawal wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akishirikiana na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, Chake Chake.

Lakini toleo lilelile la jarida lilibeba utafiti wa pili, pacha wa ule wa Pemba. Huo ulifanyika Sarlahi, wilaya ya nyanda za chini kusini mwa Nepali. Dozi ilikuwa ileile, umri wa watoto ulikaribiana, idadi yao nayo ilipita 20,000, na vidonge viligawiwa kwa kuwafuata watoto majumbani kama Pemba. Kule hakuna aliyeona madhara. Vifo katika kundi la chuma na kundi la kidonge bandia vilikuwa karibu sawa. Wala hapakuonekana faida katika kuokoa maisha, na kwa sababu hiyo ugawaji wa chuma nao ulisimamishwa kabla ya muda, mwezi Novemba 2003.

Sasa mganga mkuu wa wilaya yoyote, iwe Tanzania, Kenya, Burundi au Kongo, anazo karatasi hizo mbili mezani. Wilayani kwake watoto wana upungufu wa damu. Afuate ipi?

Jibu linalokuja haraka ni la jiografia: Pemba ni Afrika, sisi ni Afrika, basi tufuate Pemba. Jibu hilo ni dhaifu. Ramani haimwingii mtoto mwilini. Kinachomwingia ni kidonge, chakula, minyoo na vimelea vya malaria, kwa hiyo swali la kuanza nalo ni hili: kile kidonge kilimdhuru mtoto wa Pemba kwa njia gani?

Kimelea cha malaria huishi ndani ya chembe nyekundu za damu, na hupenda zaidi chembe changa. Mtoto mwenye upungufu wa madini chuma hutengeneza chembe chache, na zile alizo nazo si makazi mazuri kwa kimelea. Anapopewa chuma, mwili wake huanza kutoa chembe changa kwa wingi, na hilo ndilo lengo la tiba. Kama mtoto huyo anaumwa na mbu wenye malaria kila usiku, lengo hilohilo linamfungulia kimelea mlango. Isitoshe, chuma kinachomezwa kwa mkupuo hakifyonzwi chote. Kingine hubaki tumboni na kuvirutubisha vijidudu vya kuharisha. Mwili wenyewe una kinga ya kupambana na hali hiyo, kwani mtoto akiwa na homa ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga njia ya chuma kuingia katika damu. Kwa maneno mengine, mtoto mgonjwa huinyima damu yake chuma kwa makusudi, ili vimelea navyo vikikose.

Ushahidi kutoka Tanzania Bara unaunga mkono maelezo hayo. Huko Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwafuatilia watoto 785 kwa muda wa hadi miaka mitatu. Mwaka 2012 waliripoti kwamba watoto waliokutwa na upungufu wa chuma walipohudhuria kliniki wakiwa wazima waliugua malaria kali mara chache zaidi, na waliokufa miongoni mwao walikuwa wachache zaidi. Utafiti huo haukugawa vidonge, uliangalia tu hali ilivyo, kwa hiyo peke yake hauwezi kuthibitisha kwamba chuma kinaua. Lakini unaelekeza kulekule Pemba ilikoelekeza.

Basi tofauti kati ya Pemba na Sarlahi inaelezeka. Pemba ya mwaka 2002 ilikuwa na malaria mwaka mzima. Sarlahi karibu haikuwa nayo. Kinachosafiri kutoka Pemba ni onyo lenye sharti ndani yake: pale penye malaria nyingi isiyodhibitiwa, usigawe chuma kwa watoto wote bila kuwapima.

Hata hivyo, msomaji makini hatakiwi kupumzika hapo, kwa sababu pacha hawa wawili hawakupima kitu kimoja. Pemba walihesabu vifo na kulazwa hospitali. Nepali walihesabu vifo, na magonjwa kama kuharisha na ya njia ya hewa. Ukitaka kulinganisha haki kwa haki, ubaki na vifo peke yake. Pemba, vifo vilizidi kwa asilimia 15 katika makundi ya chuma, lakini makadirio hayo yana upana mkubwa: ukweli unaweza kuwa popote kati ya kupungua kwa asilimia 7 na kuongezeka kwa asilimia 41. Nepali, vifo vilizidi kwa asilimia 3, na upana wake ni kuanzia kupungua kwa asilimia 22 hadi kuongezeka kwa asilimia 37. Masafa hayo mawili yanaingiliana karibu yote.

Maana yake ni kwamba anayesema "Pemba chuma kiliua, Nepali hakikuua" amesema zaidi ya kile tarakimu zilichoonyesha. Kilichothibitika Pemba ni ongezeko la vifo na kulazwa vikijumlishwa pamoja. Kosa la kusoma tafiti namna hii hutokea sana katika vikao vya afya na vya elimu pia: utafiti mmoja umepata tofauti, mwingine haukupata, na watu wanahitimisha kwamba nchi hizo mbili ni tofauti. Huenda ni kweli zinatofautiana, lakini hilo lazima lionekane katika ulinganisho wenyewe, au lishikiliwe na ushahidi mwingine. Kwa suala la chuma, ushahidi mwingine upo, nao ndio unaobeba uzito.

Sehemu moja ya ushahidi huo ilitoka Pemba kwenyewe, na mara nyingi husahaulika. Ndani ya utafiti mkubwa kulikuwa na kikundi kidogo cha watoto 2,413 waliotolewa damu mwanzoni ili ijulikane nani ana upungufu wa chuma na nani hana. Watoto hao pia walichunguzwa na kutibiwa malaria kwa ukaribu kuliko wengine. Humo picha iligeuka. Wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika, na matukio ya kufa au kulazwa kati yao yalipungua kwa asilimia 38 walipopewa chuma. Kisiwa kilekile, vidonge vilevile, mwaka uleule, lakini matokeo yalitegemea mtoto alianza na chuma kiasi gani na matibabu ya malaria yalikuwa karibu naye kiasi gani.

Kwa hiyo, mbali na hali ya chuma ya mtoto mwenyewe, masharti ya mahali ni mawili. La kwanza ni malaria. La pili ni huduma ya malaria, na kwa maoni ya mwandishi hili la pili ndilo lenye uzito zaidi kwa zahanati, kwa sababu ndilo ambalo binadamu anaweza kulibadilisha.

Ghana ililipima sharti hilo la pili. Mwaka 2010 watoto 1,958 wenye umri wa miezi 6 hadi 35 waligawanywa kwa kura, nusu wakapata unga wa virutubisho wenye chuma miligramu 12.5 wa kunyunyizia kwenye uji, nusu unga usio na chuma. Kila kaya ilipewa chandarua chenye dawa, na kila aliyeugua malaria alitibiwa. Mtoto mwenye upungufu mkali wa damu hakuandikishwa. Malaria haikuongezeka katika kundi la chuma. Hata ilipungua kidogo, ingawa punguzo hilo halikusimama imara baada ya kuzingatia hali ya chuma ya watoto mwanzoni. Lakini waliolazwa hospitali walikuwa 156 katika kundi la chuma na 128 katika kundi la pili. Tofauti hiyo haiwezi kupuuzwa, na yeyote anayeinukuu Ghana kama cheti cha usalama anapaswa kuitaja pia.

Shirika la Afya Duniani nalo lilisogea hatua kwa hatua. Baada ya Pemba, lilitahadharisha kwamba penye malaria chuma kipewe watoto waliothibitika kuwa na upungufu. Mwongozo wake wa mwaka 2016 unapendekeza miligramu 10 hadi 12.5 za chuma kila siku, kwa miezi mitatu mfululizo katika mwaka, kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, pale ambapo asilimia 40 au zaidi ya watoto wa umri huo wana upungufu wa damu. Penye malaria kuna nyongeza: chuma kiende pamoja na hatua za kuzuia, kupima na kutibu malaria. Sentensi hiyo ya nyongeza ndiyo iliyobeba Pemba yote.

Tuitazame sentensi hiyo ikifika kwenye zahanati. Tuseme kuna zahanati mbili, moja Makete, milimani mkoani Njombe, ambako baridi hainawirishi mbu wa malaria, na nyingine mkoani Kigoma, miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi Tanzania. Zote zimeletewa katoni za unga wenye chuma.

Makete wanafanana na Sarlahi kuliko wanavyofanana na Pemba, ingawa Pemba ni jirani na Nepali ni mbali. Mganga mfawidhi wa Makete hana haja ya kuogopa malaria mlangoni kwake, ila ana swali la kuwauliza akina mama: mtoto huyu hushuka lini bondeni? Familia za milimani husafiri, na mtoto anayekwenda kukaa miezi miwili kwa bibi yake Kyela hayuko tena Makete kwa maana inayotuhusu hapa. Akishajua hilo, kinachobaki ni kuhakikisha kwamba upungufu wa damu wa watoto wake unatokana kweli na kukosa chuma, kwani si kila damu pungufu ni ya kukosa chuma. Selimundu, minyoo na maambukizi ya muda mrefu navyo huipunguza damu.

Kigoma kazi ni kubwa zaidi. Kabla ya kufungua katoni, mganga anakagua rafu. Je, vipimo vya haraka vya malaria vipo, na mwaka jana viliisha kwa wiki ngapi? Je, dawa mseto za uzito wa mtoto mdogo zipo, au kuna pakiti za watu wazima tu? Je, vyandarua vilivyogawiwa bado vinafunika watoto au vimechanika? Halafu anaangalia umbali. Mtoto akipata homa saa tatu usiku, mama atafika hapa saa ngapi kesho, na mvua za masika zikiwa zimekata barabara, atafika kweli?

Fikiria mama amefika asubuhi na mtoto wa miezi 14. Muuguzi anavuta kope ya chini kuangalia wekundu, anatoboa kidole, tone moja la damu linawekwa kwenye kipimo, kisha matone ya kimiminika, na wote wanasubiri dakika 15 au 20. Mistari ikitokea miwili, mtoto ana malaria, na siku hiyo hapewi unga bali dawa mseto. Chuma kitasubiri malaria iishe. Mstari ukiwa mmoja wa udhibiti, basi mama anaonyeshwa jinsi ya kunyunyizia unga kwenye uji uliopoa, mtoto ale wote kwa mlo mmoja, na anaambiwa maneno ambayo hayamo kwenye pakiti: akipata homa yoyote, acha unga na umlete siku hiyohiyo. Pasipo vipimo rafuni, mlolongo huu wote hauwezekani, na zahanati hiyo imerudi Pemba ya mwaka 2002.

Ziko hesabu anazoweza kuzifanya mwenyewe kwenye karatasi. Tuseme ana watoto wadogo 1,000 katika eneo lake na kwa kawaida 40 kati yao hufa au hulazwa kwa mwaka. Kama hali yake ni ya Pemba, ongezeko la asilimia 12 ni karibu watoto watano zaidi. Kwa kuwa makadirio ya Pemba yalikuwa kati ya asilimia 2 na 23, anaweza kutarajia kuanzia mtoto mmoja hadi tisa. Asilimia hiyohiyo mahali ambapo watoto wanaokufa au kulazwa ni 10 tu ni karibu mtoto mmoja. Ndiyo maana asilimia iliyoandikwa kwenye jarida haitoshi. Lazima irudishwe kwenye idadi ya watoto wa kata yako, tena kwa kutumia rejesta ya wagonjwa wa kituo chako.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Pemba, nalo huwashangaza hata wataalamu. Wakati utafiti ule ukifanyika, klorokwini, dawa iliyokuwa ikitegemewa, ilikuwa imeshindwa vibaya huko Zanzibar. Dawa mseto zilianza kutumika mwishoni mwa 2003, vidonge vya chuma vikiwa tayari vimesimamishwa. Baadaye vikaja vyandarua vya kudumu na upuliziaji wa dawa ukutani, na maambukizi ya malaria visiwani yakashuka hadi chini ya asilimia moja. Kwa hiyo matokeo ya Pemba yalipochapishwa mwaka 2006, Pemba yenyewe ilikuwa imeanza kuachana na hali iliyoyazaa. Daktari wa Wete wa leo akitaka kujua kama utafiti wa Pemba unamhusu, naye analazimika kuuliza maswali yaleyale anayouliza daktari wa Kigoma: malaria ipo kiasi gani mwaka huu, na kipimo kipo rafuni?

Mwandishi hasemi kwamba kila zahanati ifanye utafiti wake yenyewe. Watoto 24,000 hawapatikani kila wilaya, na upungufu wa chuma unaoachwa bila tiba nao unamgharimu mtoto. Anachosema ni kwamba taarifa zinazotakiwa kuamua zipo karibu kuliko watu wanavyodhani. Asilimia ya vipimo vya malaria vinavyotoka na ugonjwa imo kwenye taarifa ya kila mwezi. Wiki ambazo dawa ziliisha zimo kwenye leja ya stoo. Watoto waliolazwa wamo kwenye rejesta ya wodi.

Kwa hiyo ombi la makala haya linawaendea wanaopanga ugawaji wa virutubisho katika halmashauri. Unga wenye chuma usipakiwe kwenye gari kuelekea zahanati ya eneo lenye malaria mpaka katika gari hilohilo kuwe na vipimo vya haraka na dawa mseto za watoto za kutosha miezi mitatu yote. Na kama stoo ya wilaya haina vipimo hivyo, katoni zibaki stoo hadi vitakapopatikana.